Robota Lililolipwa ni la Nani?

Hotuba kwa wafanyabiashara wa nguo, Mombasa

Asalaam aleikum, na kwa wenzetu wengine, hamjambo nyote. Wazee wetu wa soko, kina mama wa leso na vitenge, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kunialika. Kazi yangu ni usaveya wa shehena. Mtu huniita kontena linapofunguliwa likatoa harufu mbaya, au godauni linapovuja, na nikifika huwa hakuna anayefurahi kuniona.

Leo nimeombwa niizungumzie barua moja tu. Wengi wenu mmeipata, na wengine mmeniletea nakala zake mkiwa na hasira. Huja baada ya bima kulipa, wakati mtu anadhani mambo yamekwisha. Maneno hutofautiana kidogo, lakini kiini chake ni hiki: kwa kuwa tumekulipa bidhaa hizi kama hasara kamili, mabaki yake sasa ni mali ya kampuni, usiyauze, usiyatupe, wala usiyahamishe bila idhini yetu ya maandishi.

Mama mmoja aliniambia, "Prima nimelipa mimi, ushuru nimelipa mimi, na nguo zimo godauni mwangu. Leo waniambia si zangu?" Nikamwambia, mama, inategemea walikulipa nini. Hilo ndilo nitakalolieleza hapa, maana barua hii huwa ya haki kabisa kwa robota hili na ya makosa kwa robota lililo ubavuni mwake, na nimeona hayo yote katika karatasi moja.

Nitawapa kisa. Jina la mwenyewe nalihifadhi, na hesabu nimezirahisisha ili tufuatane bila kalamu.

Mfanyabiashara aliagiza marobota 300 ya leso kutoka India, kontena likapakiwa bandari ya Nhava Sheva, karibu na Mumbai. Alikata bima ya shehena kwa vifungu vya kawaida vya London, fungu A, lile pana kuliko yote. Thamani ilikubaliwa mapema na kuandikwa: shilingi 60,000 kwa kila robota. Hiyo ni bei ya kununulia, nauli na bima, na asilimia 10 juu yake, kama ilivyo desturi. Jumla ni shilingi milioni 18.

Kontena lilipofunguliwa, paa lake lilikuwa na tundu penye kona, limeliwa na kutu. Marobota 80 yaliyokuwa chini ya tundu hilo yalikuwa yameloa mpaka ndani, rangi imechuja, nyekundu imeingia kwenye nyeupe, na ukungu umeanza. Mengine 50 yalikuwa na madoa ya ubavuni tu. Marobota 170 yalikuwa mazima. Saveya alidondosha naitreti ya fedha juu ya kitambaa kilicholoa, pakatokea weupe kama maziwa. Hiyo ni dalili ya chumvi. Kwa hiyo maji yalikuwa ya bahari. Si mvua ya Kilindini, wala si jasho la kontena, yaani unyevu wa ndani unaogeuka matone. Nawaambia jambo hili kwa sababu watu hukimbilia kuanika nguo juani kabla saveya hajafika, kisha tunabaki kubishana maji yalitoka wapi.

Bima ikalipa hivi. Yale 80 yalihesabiwa kuwa hasara kamili, 60,000 kwa kila moja: shilingi 4,800,000. Yale 50 yenye madoa, pande zote zilikubaliana kwamba thamani imeshuka kwa asilimia 30, kwa hiyo kila robota lililipwa 18,000: shilingi 900,000. Jumla ni 5,700,000. Mkataba ulimtaka abebe mwenyewe asilimia 1 ya thamani ya shehena yote, yaani 180,000, kwa hiyo hundi ikaja ya shilingi 5,520,000. Akatia sahihi hati ya kukiri malipo. Baada ya muda mfupi barua ikafika, ikisema kwamba marobota 130 yaliyoharibika sasa ni ya kampuni.

Wangapi hapa mngeona kosa lilipo?

Tuanze na lile lililo sahihi. Robota lililolipwa 60,000 limelipwa lote. Kazi ya bima ni kukurudisha pale ulipokuwa, isikupandishe juu ya hapo. Ukipokea thamani nzima ya robota, kisha ukaliuza robota lenyewe kwa fundi wa magodoro, umelipwa robota moja na kitu. Sheria ya Uingereza ya bima ya bahari ya mwaka 1906, kifungu cha 79, inasema kwamba bima akishalipa hasara kamili ana haki ya kuchukua maslahi ya mwenye bima katika chochote kilichobaki cha mali ile aliyoilipia. Sheria yetu ya Kenya ya bima ya bahari, Sura ya 390, ilifinyangwa kutokana na hiyo, na kanuni ni ileile.

Lakini kifungu hichohicho kina upande wa pili, na barua nyingi huuruka. Kinasema kwamba bima akilipa hasara ya sehemu tu, hapati umiliki wa mali. Marobota 50 yenye madoa yalilipwa asilimia 30 ya thamani. Asilimia 70 iliyobaki bima hakuilipa, kwa sababu iko ndani ya nguo zenyewe. Akizichukua nguo hizo, atakuwa ameondoka na 42,000 za mwenyewe kwa kila robota. Mara hamsini, hizo ni shilingi 2,100,000. Kwa hiyo katika barua ile, marobota 80 yalikuwa ya kampuni kwa haki, na 50 yalibaki ya mfanyabiashara kwa haki ileile. Msidhani ulikuwa wizi. Karani alichukua idadi ya "yaliyoharibika" kutoka ukurasa wa kwanza wa ripoti badala ya kusoma jedwali la malipo. Ripoti hiyo niliiona, na jedwali lilikuwa wazi.

Na sheria inaruhusu mgawanyo huo. Haisemi lazima shehena nzima iwe imepotea. Kwa bidhaa zinazoweza kutengwa, robota kwa robota, gunia kwa gunia, sehemu fulani inaweza kuwa hasara kamili na mali iliyobaki isiguswe. Kwa hiyo ukipata barua, weka jedwali la malipo kando yake, na kwa kila mstari ujiulize: hapa nimelipwa chote, au nimelipwa kilichopungua?

Kuna suala la tarehe, na hapa ndipo watu huchanganya barua mbili tofauti. Barua ya kwanza huja mapema, kabla ya senti yoyote kutoka. Inakuambia utenge mali iliyoloa, uifunike, usiitupe, umngoje saveya. Hiyo haikunyang'anyi kitu. Mali bado ni yako, na unaitunza kwa sababu mkataba unakutaka upunguze hasara kana kwamba huna bima. Vifungu vya kawaida vya London vinasema wazi kwamba hatua zinazochukuliwa na upande wowote kuokoa mali hazihesabiwi kuwa mmoja ameisusa mali au mwingine ameipokea. Bima akituma turubai, hajawa mwenye mali. Wewe ukikubali turubai, hujaikabidhi.

Barua ya pili ndiyo ya baada ya malipo. Ikiwa inadai umiliki na wewe hujalipwa, ijibu kwa upole: mali nitaitunza, lakini bado ni yangu mpaka dai lilipwe. Nimeona godauni limefungiwa marobota kwa sababu ya barua ya namna hiyo, ukungu ukala, na dai lenyewe mwishowe likakataliwa. Mwenyewe akabaki hana pesa wala nguo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwani hapa ndipo penye pesa. Kabla ya malipo, kampuni kwa kawaida huyatangaza mabaki kwa zabuni, bahasha zilizofungwa, mali ikiuzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Wanunuzi wake mnawajua: watu wa magodoro, watu wa matambara ya gereji, wengine wa kufua na kuuza upya. Kwa yale 80, bei ya juu ilikuwa 8,500 kwa robota, jumla 680,000. Hapo mfanyabiashara ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyaachia na kuchukua hundi ya 5,520,000. Ya pili ni kuyabakisha mwenyewe, na kampuni ikate zile 680,000 kwenye malipo, apate 4,840,000 na marobota yake.

Ukichagua njia ya pili, mabaki ni yako. Umeyanunua. Lakini karani wa ofisi nyingine anaweza asijue, akakuletea barua ileile iliyochapwa tayari. Kwa hiyo soma hati ya kukiri malipo kabla ya kutia sahihi. Ikiwa thamani ya mabaki imekatwa, iandikwe humo kwamba mabaki yanabaki kwa mwenye bima. Kukatwa thamani kisha kudaiwa mali ni kulipishwa mara mbili kwa kitu kimoja, na ikiwa kampuni inashikilia hivyo, hayo ni malalamiko ya kupeleka kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ukiwa na jedwali mkononi.

Mtauliza, ipi bora? Kwa kawaida mimi huwaambia watu wachukue pesa. Kukausha marobota 80 yenye chumvi si mchezo. Chumvi isipotolewa kwa maji baridi masafi, kitambaa huendelea kunyonya unyevu wa pwani hata ukikianika wiki nzima. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kwake njia ya pili ni ya lazima, naye ni mwenye chapa. Mfanyabiashara wetu alikuwa ameagiza leso za michoro yake mwenyewe, na pindoni pameandikwa alama ya duka lake. Mnunuzi wa zabuni akizifua na kuzimwaga Kongowea kwa nusu bei, rangi zikiwa zimechuja, mteja hatamlaumu mnunuzi wa zabuni. Atasema leso za duka fulani siku hizi zachuja.

Ukiyaachia mabaki bila sharti, huna nguvu tena ya kuzuia. Mali si yako, na mwenye mali huiuza apendapo. La kufanya ni kusema mapema, kabla ya hundi, ikiwezekana tangu siku ya kukata bima: mabaki yenye chapa yangu yasiuzwe sokoni mpaka alama iondolewe, au yakatwekatwe yawe matambara, au nipewe nafasi ya kwanza ya kuyanunua kwa bei ya juu ya zabuni. Kampuni nyingi zitakubali, kwani tofauti kwao ni ndogo. Lakini leso ukiikata pindo haiwi leso tena, kwa hiyo bei ya mabaki hushuka, na swali la nani abebe upungufu huo lazima lijibiwe kwa maandishi. Usiache lijibiwe kwa simu.

Nirudi kwa mtu wetu, maana kuna jambo hakulisema mpaka tulipohesabu. Kabla ya barua, lakini baada ya hundi, alikuwa ameshauza marobota 12 kati ya yale 80 kwa fundi wa magodoro, kwa 7,000 kila moja. Aliona yanaoza na yanamjazia nafasi. Hakuwa na nia mbaya, lakini aliuza mali ya mtu. Kampuni ilikuwa na haki ya kudai thamani yake, na ilidai kwa bei ya zabuni iliyokuwa imeshapatikana, 8,500, si kwa 7,000 aliyouzia. Ilikuwa shilingi 102,000 badala ya 84,000. Aliona uchungu wa 18,000 kuliko wa shehena nzima, nyie wenyewe mnajua.

Angeuza kabla ya malipo, kesi ingekuwa nyingine. Mali inayooza inaweza kuuzwa haraka ili kupunguza hasara, na mara nyingi ni jambo la busara, mradi saveya ameafiki kwa maandishi, kuna risiti, na pesa iliyopatikana inaingia kwenye hesabu ya dai. Kinachowaponza watu ni kuuza kimya.

Swali lingine nililoletewa ni hili: je, kampuni ikiyauza mabaki kwa faida? Tuseme kwa bahati bei ya vitambaa imepanda, au nguo zimefulika vizuri kuliko tulivyodhani, na waliyoyapata yakazidi walichokulipa. Faida ni ya nani? Kwa mabaki waliyoyachukua baada ya kulipa hasara kamili, ni yao, kama ambavyo hasara ingekuwa yao yasingenunuliwa. Walichukua mali, wakachukua na bahati yake.

Lakini msilichanganye hilo na pesa zinazodaiwa kwa aliyesababisha hasara. Bima akishakulipa, husimama pia katika nafasi yako kumdai mwenye meli aliyekupa kontena bovu. Huko mpaka wake ni alicholipa tu. Kuna kesi maarufu ya meli iitwayo Blairnevis, iliyogongwa mwaka 1945 na manowari ya Kanada, ikazama. Bima walilipa pauni 72,000. Miaka ilipita, na mwaka 1949 pauni ya Uingereza ikashushwa thamani. Fidia ilipopatikana Kanada, kwa dola, na kugeuzwa kuwa pauni, ikawa karibu 127,000. Bima wakataka zote. Mwaka 1961 Jaji Diplock alisema hapana: chukueni 72,000 mlizolipa, zinazozidi ni za mwenye Blairnevis, yule mliyemlipa bima. Kwa hiyo barua ikikuambia kwamba mabaki na "haki zote na fedha zote zitakazopatikana kutoka kwa msafirishaji" ni za kampuni, nusu ya kwanza kubali, nusu ya pili weka alama ya kuuliza. Hasa kama una hasara ambayo bima haikuigusa, mfano zile 180,000 ulizobeba mwenyewe. Hakikisha zimo katika dai linalopelekwa kwa mwenye meli.

Nimalizie na suala la nafasi, maana nyote godauni mnakodi kwa mwezi. Sheria inampa bima haki ya kuchukua mabaki, haimlazimishi. Akiona ni takataka tupu, au kuna gharama ya kuyateketeza, anaweza kukuachia, na gharama ya kuyatupa mara nyingi haimo katika bima ya shehena isipokuwa uliiongeza. Na kama bado hayajatolewa forodhani, kuna ushuru wa KRA na malipo ya siku za uwanja wa makontena vinavyokula bei ya mabaki kabla mnunuzi hajafika. Kwa hiyo usikubali barua inayosema "ni yetu" bila kusema "tutayachukua lini".

Huyu bwana tulimsaidia kuandika jibu la ukurasa mmoja. Alisema: marobota 80 ya mstari wa kwanza wa jedwali nakubali ni yenu, kati yake 12 nimeyauza, na thamani yake 102,000 nitailipa. Marobota 50 ya mstari wa pili mlilipa upungufu tu, hayo ni yangu na ninayauza. Marobota 68 yaliyobaki yako godauni, yametengwa, na yanaweza kuchukuliwa siku za kazi. Baada ya siku 14 tangu barua hii nitatoza nafasi kwa kiwango ninacholipa mimi mwenyewe, risiti ya kodi nimeambatanisha.

Kampuni ilirekebisha barua yake, 130 ikawa 80. Lori la mnunuzi wa zabuni lilikuja siku ya kumi na moja. Marobota yalihesabiwa langoni, 68, dereva akatia sahihi nakala mbili, na moja ya nakala hizo ninayo hapa mezani kwa yeyote anayetaka kuona ilivyoandikwa. Maswali sasa, na tuanze na mama aliyeinua mkono pale nyuma.